Radhi Isiyoombwa

Ushairi wa Kiswahili umezoea kumwona mzazi akimwandikia mwanawe. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa beti takriban mia moja ambao hadi leo husomwa kila panapozungumzwa malezi ya mtoto wa kike katika mwambao. Karne iliyofuata, Shaaban Robert alitunga Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume na Hati kwa ajili ya binti yake. Tungo hizi ni wasia. Mzazi anasimama mahali pa juu, anatazama njia ndefu aliyokwisha kuipita, na anamwonesha mtoto mawe ya kuyaepuka. Mtoto hupewa mengi humo, na yeye hutakiwa kusikiliza.

Lakini iko siku ambayo wasia hauifai. Ni siku ya kuzaliwa inayomkuta mtoto na mzazi wake wamenuniana. Siku hiyo mzazi akishika kalamu, mkono wake huvutwa na mazoea ya wasia bila ya mwenyewe kutambua, na salamu aliyokusudia kuituma hugeuka hukumu iliyopambwa vina. Jambo hilo lilimfika fundi seremala mmoja wa Unguja, na namna alivyopambana nalo, neno kwa neno, ina mafunzo kwa kila anayependa tungo.

Binti yake alikuwa anatimiza miaka kumi na sita. Alikuwa mtoto wa vitabu, mwenye kuandika mashairi katika daftari lenye jalada jekundu, na alikuwa amepata nafasi ya kuendelea na masomo katika skuli ya bweni ya bara. Baba alikataa. Hakuwa na chuki na elimu. Alitaka mwanawe amalize kidato cha nne nyumbani kwanza, kisha mambo ya bara yatazamwe. Maneno yalianza baada ya chakula cha Jumapili, jamaa wakiwa bado wamekaa ukumbini. Yalipanda kidogo kidogo, mpaka binti akasimama na kusema mbele ya wote: "Hutaki niende kwa sababu wewe hukwenda popote."

Ukumbi ulinyamaza. Wale waliokuwepo walijua kwamba fundi huyo alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba aliacha skuli na kushika randa na patasi za marehemu baba yake, kwa kuwa nyumba ilikuwa na watoto wadogo watano. Hakuwahi kulisema jambo hilo kwa kujisifu wala kwa kulalamika. Sasa limesemwa na mwanawe, tena kama aibu. Binti akafunga vitu vyake na kwenda kwa bibi yake, Ng'ambo, na siku nne zikapita bila ya salamu. Siku ya tano ilikuwa siku yake ya kuzaliwa.

Katika siku hizo nne, shangazi wa mtoto alikuja nyumbani mara mbili. "Kaka, samaki mkunje angali mbichi," alimwambia fundi. "Asiseme nawe mpaka aje akuombe radhi. Nawe usiseme naye." Fundi alimjibu kwa upole kwamba ulimi hauna mfupa, na kwamba mtoto alisema alilolisema kwa kuwa alikuwa anaumwa na jambo jingine. Shangazi hakuridhika, na haki yake haikuwa ndogo. Katika nyumba za mwambao, radhi si neno la adabu tu. Mtoto asiye na radhi za wazee huonekana kama chombo kilichotoka bandarini bila ya nanga. Hata akifika mbali, watu humtilia shaka. Na desturi ya radhi ina mwelekeo wake: aliye chini huiomba, aliye juu huitoa. "Niwie radhi" ni maneno ya mdogo kwa mkubwa. Mkubwa anayetoa radhi kabla ya kuombwa huhofiwa kwamba ameiteremsha thamani.

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Fundi akikaa kimya siku ya kuzaliwa, mtoto atajua kwamba mapenzi ya baba yake yana bei, na bei yenyewe ni neno moja. Akiandika kana kwamba hakuna lililotokea, atakuwa amemdanganya mtu ambaye anajua vizuri kusoma. Na akiandika "nakupenda, lakini," basi hilo "lakini" litakumbukwa miaka mingi baada ya "nakupenda" kusahauliwa.

Aliamua kuandika kwa shairi, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo binti yake aliithamini. Aliacha kwa makusudi bahari ya utenzi. Utenzi, wenye vipande vifupi vya mizani nane, huenda kama mtu anayetembea. Ubeti huzaa ubeti, na mtunzi hujikuta amefika wa hamsini akiwa bado anatoa nasaha. Shairi la mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, lina kuta. Mtu hana nafasi ya kuhubiri ndani ya kuta hizo ila kwa kusukuma kitu kingine nje.

Aliandika karakana, kwa kalamu ya risasi ile ile anayotilia alama mbao, nyuma ya kipande cha msasa. Neno la mwanzo lililomjia lilikuwa hili: "Nimekwisha kusamehe." Alihesabu kwa vidole: mizani nane kamili, haikuzidi wala kupungua. Akalitazama kwa muda, kisha akalipiga mstari. Msamaha usioombwa ni mashitaka. Anayeambiwa "nimekusamehe" ameambiwa kwanza kwamba ana kosa, kisha kwamba kosa limepimwa, kisha kwamba aliyepima ni mkarimu. Mtoto wa miaka kumi na sita huyasikia yote matatu, na hulijibu lile la kwanza.

Akaanza upya, safari hii kwa kitu kisichobishaniwa, yaani usiku aliozaliwa. Ubeti wa kwanza ukamjia bila ya taabu kubwa:

Usiku ule wa mvua, ulipofika nyumbani,
Mikono nilinyanyua, kukupokea mwandani,
Kidole ukachukua, ukafumba kiganjani,
Nami sikukinasua, kimo mwako mkononi.

Ubeti huu haumwambii binti kwamba ana deni la kulelewa. Mzazi aliyekasirika hupenda kutaja gharama: usiku aliokesha, ada alizolipa, viatu alivyonunua. Fundi alichagua jambo ambalo mtoto ndiye aliyelitenda. Kitoto kichanga kimeshika kidole cha mtu mzima, na mtu mzima ndiye aliyetekwa. Daraja ya juu na ya chini imepinduliwa kwa upole, na hakuna aliyedhalilika.

Ubeti wa pili ndio uliomtoa jasho. Alitaka kutaja umri, kisha nyumba, kisha lile jambo lenyewe bila ya kulitaja. Utao wa mshororo wa pili, katika rasimu ya kwanza, ulikuwa "ukija utanikuta." Mizani ilitimia, ijapokuwa kina kilikataa, lakini kilichomsumbua zaidi kilikuwa kile kiambishi "-ki-." Ukija. Maana yake ni kwamba kuonana kwao kumefungwa kwenye mguu wa mtoto, asipokuja, je? Sharti linaweza kujificha ndani ya silabi moja. Akaliondoa, akaweka mahali pake kitu kisichongoja tendo lolote la mtoto: kiti. Kiti kipo, awepo asiwepo. Fundi alikijua vizuri, kwa kuwa alikitengeneza mwenyewe, na katika meza ya nyumba ile kila mtu anajua kipi ni cha nani.

Mshororo wa tatu aliuandika hivi: "Sikuulizi suali, sidai kauli yako." Aliupenda. Ulikuwa na mlio mzuri, na ulisema kile hasa alichokikusudia, kwamba hataki aombwe samahani. Aliulaza, na asubuhi alipouamkia akauona ulivyo. Mdai akikutana na mdaiwa njiani akamwambia "leo sikudai," amemkumbusha deni mbele ya watu. Neno "sidai" haliwezi kuingia mahali ambapo hapana dai. Kukataa kuomba radhi kwa sauti kubwa ni namna nyingine ya kuiomba.

Basi akaligeukia neno lenyewe ambalo shangazi alilishikilia, akaandika: "Radhi yangu ya asili, haijaondoka kwako." Hapa ndipo alipokaribia sana. Hakusema kwamba ametoa radhi, maana anayetoa leo alikuwa amenyima jana. Alisema kwamba radhi ile ni ya tangu mwanzo na iko pale pale ilipo. Hivyo hakuiteremsha thamani, kama alivyohofu dada yake. Aliiweka mahali ambapo maneno ya Jumapili hayawezi kuifikia.

Hata hivyo kulikuwa na kitu kilichokwaruza bado, na alikigundua alipousoma mshororo kwa sauti, kama asomewaye yeye. Kilikuwa ni "-ja-." Kiswahili kina njia mbili za kukanusha jambo lililopita. "Mgeni hakuondoka" husema kwamba alikaa, na habari imekwisha. "Mgeni hajaondoka" husema kwamba yuko, lakini huacha mlango wazi: huenda akaondoka baadaye. Baba anayemwambia mwanawe "radhi yangu haijaondoka" anaweza kusikika akisema: bado, lakini ujiangalie. Fundi akabadilisha silabi moja tu. "Haijaondoka" ina mizani sita. "Haikuondoka" ina sita vilevile. Shairi halikutikisika, lakini maana iligeuka. Sasa mshororo ulirudi kwenye ule ukumbi wa Jumapili, kwenye ule ukimya baada ya binti kusema, na kutoa ushahidi kuwa hata pale, hata wakati ule, radhi haikuondoka.

Ubeti ukakamilika hivi:

Kumi na sita kamili, leo ni miaka yako,
Uwe papo uwe mbali, hapa pana kiti chako,
Radhi yangu ya asili, haikuondoka kwako,
Mpole ama mkali, mimi ndimi baba yako.

Katika kimalizio, fundi aliacha makusudi isijulikane ni nani mpole na ni nani mkali. Anaweza kuwa mtoto, anaweza kuwa baba. Wote wawili walikuwa wakali Jumapili ile.

Uko ubeti wa tatu ambao haukutumwa. Aliuandika usiku wa mwisho, na ulianza: "Wazazi ni kuwatii, ndiyo mwanzo wa hekima." Hapana neno la uwongo ndani yake, na siku nyingine yoyote angeweza kuusema bila ya kuona haya. Ulikuja wenyewe, kwa nguvu ya ile mila ya wasia, kama maji yanavyoufuata mfereji uliokwisha kuchimbwa. Lakini ungekaa chini ya beti mbili za mwanzo kama hati ya madai iliyobandikwa nyuma ya zawadi. Mtoto angeupitia ule wa kwanza na wa pili haraka, akafika kwenye wa tatu, akasema moyoni: alah, ndiyo hii aliyokuwa akiitafuta. Kipimo alichokitumia fundi kilikuwa chepesi. Alijiuliza ni mshororo upi ambao binti yake angeukariri kwa hasira mbele ya bibi yake. Ule ndio wa kuuondoa.

Vilevile hakutia neno lolote juu ya skuli ya bara. Alikuwa bado anakataa, na hakutaka shairi lidhaniwe kuwa amekubali, wala lidhaniwe kuwa anakataa mara ya pili. Ugomvi ulikuwa na mambo mawili yaliyoshikana, la skuli na la heshima, na siku ya kuzaliwa haikuwa siku ya kuamua hata moja kati ya hayo.

Ilibaki namna ya kuufikisha. Binti hakuwa na simu yake. Kulikuwa na ya bibi, ambaye macho yake hayaoni maandishi madogo, na kila ujumbe uingiao husomwa kwa sauti na aliyepo karibu. Shairi lingesomwa na mjukuu mwengine, mbele ya jirani, na wote wangemgeukia binti kutazama uso wake. Neno lililoumiza lilisemwa mbele ya watu, lakini neno la kuponya halihitaji mashahidi, kwa kuwa mashahidi hudai jibu. Kwa hiyo aliliandika kwa wino kwenye karatasi safi, akaikunja mara nne, akampa mdogo wake binti na kumwambia ampe dada yake mkononi, kisha arudi bila ya kungoja. Hilo la mwisho alilirudia mara mbili. Mjumbe anayesimama mlangoni ni suali.

Pamoja na karatasi alipeleka halua nusu kilo katika bakuli, kama kila mwaka. Mama mtu alitaka iwe kilo nzima, ili mtoto ajue. Fundi akasema hapana, iwe nusu kilo. Ikizidi itakuwa hongo, ikipungua itakuwa adhabu.

Siku ile haikuja habari yoyote. Ya pili yake haikuja. Shangazi alipita, akaona bakuli halijarudi, akatikisa kichwa. Hapa ndipo ujumbe wa namna hii hushindwa mara nyingi, baada ya kutumwa. Mzazi aliyeandika bila ya sharti huanza kuhesabu siku, na hesabu yake hulitia sharti lile ambalo kalamu ililiepuka. Humtuma mtu kuuliza kama barua imefika. Husema mbele ya jamaa, "Nimefanya yangu." Fundi alilijua hilo kwa kazi yake: gundi ya mbao huharibiwa na mwenye kuigusa kutazama kama imekauka. Akaenda karakana, akaendelea na fremu ya mlango aliyokuwa nayo.

Jumapili, baada ya adhuhuri, binti alikuja na bakuli. Katika nyumba za huku chombo hakirudishwi kitupu, na ndani yake mlikuwa na vitumbua vinne vya bibi. Akaamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu." Akakaa kwenye kiti chake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, na kwa muda hakusema. Kisha akauliza, bila ya kuinua macho, mbona katika ubeti wa pili "ya asili" imehesabiwa mizani nne, na ilhali mwimbaji akizikutanisha zile "a" mbili zitasikika kama moja na mshororo utapwaya.

Fundi akasema mwimbaji mzuri atazitenga.

"Ungeweza kusema 'yenye kweli,'" binti akasema. "Mizani ingetimia bila ya wasiwasi."

"Ingetimia," baba akajibu. "Lakini haingekuwa ya tangu mwanzo."

Binti akalifikiri jambo hilo. Akasema basi ibaki asili. Akalifungua daftari lake jekundu, akaitia karatasi katikati ya kurasa zake, akalifunga. Neno la samahani halikusemwa siku ile, wala baba hakulitega. Mama akaleta chai, wakala vitumbua viwili viwili. Suala la skuli ya bara lilikuwa bado halijaamuliwa, na kabla ya magharibi walikuwa wameshaanza kulizungumza tena, safari hii kwa sauti za chini, kila mmoja akingoja mwenzake amalize.